Mfuko wa 19% au wa 14%? Ipime yote kwa mtikisiko mmoja kwanza

Siku hizi kununua vipande vya mfuko wa uwekezaji ni kazi ya dakika mbili. Unafungua apu, unachagua mfuko, unaweka namba ya siri, pesa zimeenda. Kigumu ni kile kinachotangulia namba ya siri, yaani kuchagua. Apu inakuonyesha mifuko miwili ya hisa. Mmoja umeleta asilimia 19 kwa mwaka, mwingine asilimia 14. Kidole kinaenda chenyewe kwenye 19.

Somo la leo ni kuhusu hesabu moja fupi ambayo inaweza kukirudisha nyuma kidole hicho. Huandikwa M2. Kazi yake ni kuchukua mifuko inayoyumba kwa viwango tofauti, kuiweka yote kwenye mtikisiko mmoja, halafu kukupa jibu kwa asilimia, lugha ambayo tayari unaielewa. Tutaifanya pamoja kwa mfano mmoja, kisha tutaangalia mahali inapoweza kukupoteza.

Kwa nini 19 haijaishinda 14 bado

Mifuko yetu ni ya kubuni, na namba zake ni za mfano tu. Ule wa 19 tuuite Sungura na ule wa 14 tuuite Kobe. Yote miwili inanunua hisa za kampuni zilizo kwenye Soko la Hisa la Nairobi, kwa hivyo tutailinganisha na fahirisi ya hisa zote za soko hilo, ile inayoandikwa NASI. Fahirisi hiyo ndiyo kigezo chetu. Inatuambia soko lenyewe lilifanya nini bila ujanja wa meneja yeyote.

Faida ya 19 ni wastani. Nyuma ya wastani kuna miaka ya furaha na miaka ya kulia. Ili kujua safari ilikuwa na matuta kiasi gani, wataalamu hupima jinsi faida ya mfuko ilivyotawanyika kuzunguka wastani wake. Kipimo hicho huitwa mkengeuko sanifu. Hapa tutakiita tu kuyumba.

Tuseme Sungura anayumba kwa asilimia 24 kwa mwaka na Kobe kwa asilimia 8. Kwa makadirio ya haraka, karibu miaka 2 kati ya 3 faida itaangukia ndani ya wastani ukijumlisha au kutoa kiwango hicho. Kwa Sungura hiyo ni kati ya hasara ya asilimia 5 na faida ya asilimia 43. Kwa Kobe ni kati ya faida ya asilimia 6 na 22. Mwaka wa tatu unaweza kuwa nje kabisa ya mipaka hiyo, juu au chini.

Sasa unaona shida. Ukiweka 19 na 14 kando kwa kando, unalinganisha matatu iliyokimbia kilomita 120 kwa saa na iliyokwenda 60, halafu unauliza dereva yupi ni hodari. Mmoja kafika mapema, ndio, lakini abiria wake walibeba hatari nyingine kabisa.

Uwiano unaojibu swali kwa lugha ngumu

Mwaka 1966 mwanauchumi Mmarekani William Sharpe alitoa njia ya kutatua jambo hili. Chukua faida ya mfuko, toa faida ambayo ungepata bila kuhatarisha chochote, kisha gawanya kwa kuyumba. Kwetu Kenya, faida isiyo na hatari huwa tunaikadiria kwa hati za Hazina za siku 91, zile serikali hukopea kwa wananchi kupitia Benki Kuu. Tuseme hati hizo zinalipa asilimia 10.

Sungura amezidi hati kwa pointi 9. Gawanya kwa 24, unapata 0.375. Kobe amezidi hati kwa pointi 4. Gawanya kwa 8, unapata 0.5. Soko lenyewe, tuseme lilileta asilimia 15 na kuyumba kwa 16. Limezidi hati kwa pointi 5, na 5 kwa 16 ni kama 0.31.

Kwa hivyo Kobe anaongoza, Sungura anafuata, soko la mwisho. Sawa. Lakini Kobe amemshinda Sungura kwa 0.125 ya nini? Sio shilingi wala asilimia. Mhazini wa chama akisimama kwenye mkutano aseme "mfuko huu una 0.5 na ule 0.375," wanachama watamwangalia tu. Hakuna atakayejua kama tofauti hiyo ni ya kuhamisha pesa au ni ya kupuuza.

Kero hiyo hiyo ndiyo iliyomsumbua Franco Modigliani, mwanauchumi mzaliwa wa Italia aliyepata tuzo ya Nobeli mwaka 1985, na mjukuu wake Leah Modigliani aliyefanya kazi katika benki ya uwekezaji. Mwaka 1997 walichapisha pamoja njia ya kuugeuza uwiano ule kuwa asilimia. M ya kwenye M2 ni ya jina lao, na 2 ni kwa sababu walikuwa wawili wenye jina hilo.

Hesabu yenyewe

Wazo lao ni rahisi. Kama mfuko unayumba kuliko soko, uchanganye na hati za Hazina mpaka mchanganyiko uyumbe sawa na soko. Kama unayumba chini ya soko, fikiria umekopa kwa riba ile ile ya hati na kuongeza vipande vya mfuko huo mpaka ulingane na soko. Baada ya hapo kila mmoja anakwenda kwa kasi moja, na unaweza kusoma faida zao moja kwa moja.

Unaanza na namba moja ambayo tutaiita kizidishi. Ni kuyumba kwa soko ukigawanya kwa kuyumba kwa mfuko. Kisha:

```
M2 = hati + (faida ya mfuko - hati) x kizidishi
```

Kwa Sungura, kizidishi ni 16 kwa 24, yaani theluthi mbili. Alizidi hati kwa pointi 9. Theluthi mbili ya 9 ni 6. Ongeza 10 ya hati, unapata asilimia 16.

Kwa Kobe, kizidishi ni 16 kwa 8, yaani 2. Alizidi hati kwa pointi 4, mara 2 ni 8. Ongeza 10, unapata asilimia 18.

Soko lenyewe halihitaji kurekebishwa. Linabaki 15.

Sasa soma tena. Kwa mtikisiko wa soko, Sungura analeta 16, Kobe 18, soko 15. Sungura amelipita soko kwa pointi 1 ya asilimia, Kobe kwa pointi 3. Mpangilio ni ule ule wa Sharpe, na utakuwa hivyo kila mara mradi hati, kigezo na kipindi ni vile vile kwa mifuko yote. Kilichobadilika ni kwamba tofauti sasa ina kipimo unachoweza kukigeuza kuwa pesa.

Chama chenye Sh300,000

Tuigeuze basi. Chama kimeweka Sh300,000 na wanachama wako tayari kuvumilia kuyumba kama kwa soko, sio zaidi.

Wakimtaka Sungura, hawawezi kumpa pesa zote, maana atawatikisa kupita walivyokubaliana. Watampa theluthi mbili, Sh200,000, na Sh100,000 itanunua hati za Hazina. Kwa mwaka wa wastani Sungura analeta asilimia 19 ya 200,000, yaani Sh38,000. Hati zinaleta Sh10,000. Jumla Sh48,000, ambayo ni asilimia 16 ya pesa zote. Ndiyo ile M2 yetu, ila sasa iko mfukoni.

Kama wangekuwa kwenye soko zima, wangepata asilimia 15, yaani Sh45,000. Kwa hivyo pointi 1 aliyoongeza meneja wa Sungura, kwa mtikisiko huo huo, ni Sh3,000 kwa mwaka. Hapa mhazini ana kitu cha kuwaambia wanachama. Tena anaweza kuuliza swali la maana: je, 19 hiyo ni baada ya ada za mfuko au kabla? Kama ni kabla, na ada za mwaka zinazidi Sh3,000 hizo, basi Sungura hajaongeza kitu.

18 ya Kobe sio pesa utakayopokea

Hapa ndipo watu hukosea, kwa hivyo twende polepole.

Ukimpa Kobe Sh300,000 atakuletea asilimia 14, yaani Sh42,000. Hatakuletea 18. Ile 18 imetokana na kufikiria kwamba chama kimekopa Sh300,000 nyingine kwa asilimia 10 na kumpa Kobe Sh600,000. Faida ya asilimia 14 ni Sh84,000, toa riba ya Sh30,000, inabaki Sh54,000. Hiyo ndiyo 18 kwa kila mia ya pesa zenu.

Lakini nani atakukopesha kwa bei ambayo serikali inakopa? Tuseme mkopo mnaopata ni wa asilimia 20 kwa mwaka. Faida bado ni Sh84,000, riba sasa ni Sh60,000, mnabaki na Sh24,000. Hiyo ni asilimia 8 tu. Mmebeba mtikisiko mara mbili na deni juu, halafu mmepata chini ya zile Sh42,000 ambazo Kobe angewaletea bila mkopo. Mkopo mfupi wa simu, ukiihesabu ada yake kwa mwaka mzima, mara nyingi ni ghali kuliko hiyo asilimia 20. Kwa hivyo usiisome M2 kama ruhusa ya kukopa ili kuwekeza.

Njia salama ya kuisoma 18 ya Kobe ni kugeuza swali. Badala ya kumpandisha Kobe, lishushe soko. Chukua Sh150,000 iende kwenye soko kwa asilimia 15 na Sh150,000 kwenye hati kwa asilimia 10. Mchanganyiko huo unayumba kwa 8 kama Kobe, na unaleta Sh22,500 na Sh15,000, jumla Sh37,500. Kobe kwa mtikisiko huo huo analeta Sh42,000. Amezidi kwa Sh4,500, yaani pointi 1.5 za asilimia.

Umeona? Kwa mtikisiko wa 16 Kobe alizidi kwa pointi 3, kwa mtikisiko wa 8 kwa pointi 1.5. Hakuna aliyedanganya. Ubora wake ni ule ule, umepimwa kwenye ngazi mbili. Ndiyo maana mtu akikutajia M2, muulize kwanza imepimwa kwa kuyumba kwa kigezo gani. Bila hilo, pointi zake hazina maana.

Na kizidishi kinakuambia mapema uko wapi. Kikiwa chini ya 1, jibu la M2 ni kitu unachoweza kukifanya mwenyewe kwa kuchanganya na hati. Kikizidi 1, jibu ni la karatasini, la kulinganishia tu.

Mahali pawili hesabu inapopotoka

Pa kwanza ni mfuko wa soko la fedha, ule unaoandikwa MMF kwenye apu, na ambao wengi wetu ndio tuko nao. Mfuko huu huhesabu riba kila siku, kwa hivyo faida yake karibu haiyumbi kabisa. Tuseme umeleta asilimia 10.5 na kuyumba kwa 0.2. Kizidishi dhidi ya NASI kinakuwa 16 kwa 0.2, yaani 80. Umezidi hati kwa nusu pointi, mara 80 ni 40, ongeza 10. M2 inasema asilimia 50!

Hakuna mfuko wa soko la fedha wa asilimia 50. Kilichotokea ni kwamba tumefikiria mtu amekopa mara 79 ya pesa zake. Zaidi ya hayo, kuyumba kwa 0.2 hakuonyeshi hatari halisi ya mfuko huo, kwa mfano kampuni iliyokopeshwa na mfuko ikishindwa kulipa. Hatari ya aina hiyo hukaa kimya miaka mingi, kisha hutokea siku moja. Kwa hivyo kizidishi kikifika 4 au 5, simama. Si lazima kuwe na kosa la kujumlisha, ila umechagua kigezo kisichofaa mfuko huo. Mfuko wa soko la fedha ulinganishe na hati za Hazina na mifuko mingine ya aina yake.

Pa pili ni miaka ambayo hati za serikali zimelipa kuliko hisa. Kwetu hiyo sio hadithi. Mwaka 2023 NASI ilishuka kwa karibu asilimia 28, na kufikia Desemba hati za siku 91 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16. Mfuko ukipata chini ya hati, M2 inageuka kichwa chini.

Tazama. Tuseme Sungura na Kobe wote wamepata asilimia 4, hati 10, na kuyumba ni kule kule. Wote wako chini ya hati kwa pointi 6. Kwa Sungura, theluthi mbili ya 6 ni 4, kwa hivyo M2 yake ni 10 toa 4, yaani 6. Kwa Kobe, 6 mara 2 ni 12, kwa hivyo M2 ni 10 toa 12, yaani hasara ya asilimia 2. Wamepata faida sawa, Kobe ametikisika kidogo kuliko Sungura, na bado hesabu inamweka chini. Mfuko uliotikisika zaidi umezawadiwa.

Dawa yake ni kuangalia alama kabla ya kuzidisha. Faida ya mfuko ukitoa hati ikiwa chini ya sifuri, usitumie M2 kupanga mifuko kwa kipindi hicho. Sema tu ukweli ulivyo, kwamba mifuko hii ililipa chini ya hati za serikali kwa pointi kadhaa. Kisha tafuta kipindi kirefu zaidi.

Ukitaka kuifanya mwenyewe

Utahitaji bei ya kipande cha mfuko na kiwango cha NASI kwa kila mwisho wa mwezi, angalau miezi 37 ili upate mabadiliko 36. Faida ya mwezi ni bei ya mwezi huu ukigawanya kwa ya mwezi uliopita, kisha utoe 1. Kama mfuko hugawa faida kwa wawekezaji, ongeza kilichogawiwa. Kumbuka pia kwamba NASI hufuata bei za hisa tu, haijumlishi gawio, ilhali mfuko hupokea gawio la hisa zake. Usipoongeza makadirio ya gawio upande wa soko, meneja ataonekana hodari kuliko alivyo.

Fungua Excel au Google Sheets kwenye simu. Faida za miezi 36 zikiwa kuanzia B2 hadi B37, kuyumba kwa mwaka ni:

```
=STDEV.S(B2:B37)*SQRT(12)
```

Usisahau ile SQRT(12). Ndiyo inayogeuza kuyumba kwa mwezi kuwa kwa mwaka. Kwa Sungura, kuyumba kwa mwezi ni kama 6.9, na kwa mwaka 24. Ukichanganya kuyumba kwa mwezi kwa mfuko na kwa mwaka kwa soko, kizidishi kitakosea zaidi ya mara tatu.

Kisha kwenye ukurasa mwingine weka hati kwenye B1, faida ya mfuko kwa mwaka B2, kuyumba kwa mfuko B3, na kuyumba kwa soko B4:

```
=B1+(B2-B1)*B4/B3
```

Kwa hati tumia wastani wa kipindi chote, sio bei ya wiki hii. Benki Kuu huchapisha matokeo ya kila mnada kwenye tovuti yake. Na mifuko yote uipime kwa miezi ile ile. Mfuko ulioanza baada ya soko kuanguka utaonekana mtulivu kwa sababu tu haukuwepo siku ya dhoruba.

Ukimaliza, utakuwa na namba tatu za kupeleka kwenye chama: faida ya mfuko ilivyo, kizidishi, na M2 kando ya faida ya soko. Kwa Sungura ni 19, theluthi mbili, na 16 dhidi ya 15. Kwa Kobe ni 14, 2, na 18 dhidi ya 15. Mwanachama akiuliza "sasa tofauti ni ngapi?", jibu liko tayari kwa asilimia, na kwa shilingi pia akitaka.